Mti au mawimbi: majibu kwa wasomaji kuhusu undugu wa lugha zetu

Kiyao ni "mundu", Kimakonde ni "munu", Kiswahili ni "mtu". Je, kufanana huku kunatosha kusema kwamba lugha hizi ni ndugu wa karibu? (Mwanafunzi, Newala)

Kunatosha kuonyesha kwamba zote ni za Kibantu, lakini hakutuambii ni ipi iliyo karibu zaidi na ipi. Shina la neno hilo ni la Bantu Mame, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kibantu, na wataalamu hulirejesha katika umbo la "-ntu", ambalo Kiganda na Kizulu wanalo hadi leo katika "omuntu" na "umuntu". Hakuna anayedai kwamba Kiganda na Kizulu ni tawi moja kwa sababu hiyo, kwa kuwa kilichobaki kutoka kwa wahenga kinaweza kubaki popote. Mwanaisimu Mjerumani August Leskien alilisisitiza jambo hili mwaka 1876: ushahidi wa tawi ni badiliko jipya ambalo lugha kadhaa zinalo kwa pamoja nalo halikuwamo katika lugha mame. Kwa hiyo usitazame "mu-" wala maana ya neno, bali tazama kilichoipata "nt".

Mti na mawimbi vinatofautiana wapi hasa? Mwalimu wetu alichora vyote viwili, lakini sikuona tofauti. (Masasi)

Tofauti iko katika mipaka ya mabadiliko. Mti, uliochorwa na mwanaisimu August Schleicher katika karne ya 19, unachukulia kwamba jamii hugawanyika na kila upande huenda zake. Ikiwa ndivyo, badiliko linalotokea kabla ya mgawanyiko hurithiwa na matawi yote yanayofuata, na lile linalotokea baadaye hubaki ndani ya tawi moja, kiasi kwamba kundi dogo huwa daima ndani ya kundi kubwa. Mwanaisimu mwenzake, Johannes Schmidt, alilipinga hilo mwaka 1872. Kwake, badiliko huanzia mahali fulani na kuenea kwa majirani kama wimbi, nalo huishia popote ambapo mazungumzo yanakuwa haba, bila kujali lilipoishia badiliko lililotangulia. Ndiyo maana mipaka yake hukatana. Alionyesha kwamba lugha za Kislavi, kama Kirusi, zinashirikiana na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, katika kugeuza sauti za aina ya "k" kuwa za aina ya "s" katika maneno kama lile la "mia", huku zikishirikiana na lugha za jamii ya Kijerumani na Kiingereza katika kutumia "m" kwenye viambishi fulani vya wingi, mahali ambapo Kisanskriti kina "bh". Mti mmoja hauwezi kuyabeba yote mawili, ijapokuwa bado watu wanabishana kama hiyo "m" ndiyo mpya kweli.

Tunaweza kuona mipaka inayokatana hapa Lindi na Mtwara? (Kilwa Kivinje)

Tunaweza, na ningependa tuifuate polepole. Kimatumbi cha huko kwenu Kilwa husema "mundu" kama Kiyao: "t" baada ya "n" imekuwa "d". Kimakua hakikufanya hivyo, kwani husema "mutthu", wala Kiswahili. Badiliko la kwanza basi linaweka Kimatumbi na Kiyao upande mmoja. Sasa hesabu irabu. Bantu Mame ilikuwa na irabu saba, na Kimatumbi bado kinazo saba; Kiyao, Kimakua na Kiswahili zimeziunganisha zikabaki tano. Badiliko la pili linakiondoa Kiyao kwa Kimatumbi na kukiweka pamoja na lugha mbili ambazo badiliko la kwanza lilikuwa limezitenga. Hakuna kundi lililo ndani ya jingine: yanakutana katika Kiyao tu.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba ni wimbi. Kulainika kwa "t" baada ya "n" ni jambo jepesi kwa kinywa cha binadamu, na Kikuyu, kilicho mbali na hapa, nacho kina "mũndũ". Kupungua kwa irabu kutoka saba hadi tano nako kumetokea mara nyingi katika Kibantu. Kwa hiyo mipaka kukatana huweza kutokana na kuenea kwa jirani, au na lugha mbili kufanya jambo lilelile kila moja peke yake. Ushahidi wenye nguvu ni badiliko lisilo la kawaida, hasa linapopatikana kwa majirani wanaopakana moja kwa moja, na nisingejenga hoja nzito juu ya haya mawili peke yake.

Basi mti hauna kazi tena? (Tandahimba)

Unayo. Wamakonde wa upande wetu huita lugha yao "Chimakonde", na wa Msumbiji "Shimakonde". "Ki-" iligeuka kuwa "chi-" kwanza, kama ilivyo pia katika "Chiyao", kisha kusini ya mto Ruvuma "chi-" ikawa "shi-". Badiliko la pili liko ndani ya la kwanza, kama mti unavyotabiri. Ila nalo "chi-" ni badiliko jepesi, na Ruvuma ni mto unaovukwa kila siku; anayetaka kuchora tawi hapa atafute kwanza mabadiliko mengine kadhaa yanayoishia katika mpaka huohuo.