Ndoo ishirini za asali na chupa 187 zilizorudi: uzoefu wangu wa usindikaji Tabora

Swali la mdau: "Wakuu, nimemaliza digrii ya sayansi ya chakula, kaka yangu ana ya biashara. Wote tupo nyumbani Tabora mwaka wa pili huu, maombi ya kazi hayajibiwi. Kuna mtu anatuambia tuingie kwenye asali, tununue kwa warinaji, tupaki, tuuze. Hivi hapo kuna kazi ya msomi kweli, au ni kuweka asali kwenye chupa tu kama mama ntilie?"

Mdogo wangu, mama ntilie anajua gharama ya sahani yake hadi shilingi ya mwisho. Mimi na binamu yangu tulianza bila kujua hata hilo, na yeye alikuwa na digrii ya biashara, mimi ya chakula kutoka SUA. Nitakusimulia mzigo mmoja tu wa asali, maana ndani yake kuna karibu kila kitu unachouliza.

Ilikuwa Desemba. Mvua zilishaanza, tukanunua ndoo 20 za lita ishirini kutoka vijiji vya upande wa Sikonge. Warinaji wa kule wengi bado wanatumia mizinga ya magogo na ya magome, na mvua ikishaanza kuna anayerina haraka kabla njia haijaharibika. Hapo anakata sega lote, lililofunikwa nta na lisilofunikwa. Hili la pili ndilo tatizo. Nyuki hafuniki asali mpaka amepunguza maji yake kwa kuipepea, kwa hiyo sega lililo wazi lina asali ambayo haijaiva.

Tukachuja kwa kitambaa, tukamimina yote kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu lenye bomba chini, tukaiacha siku mbili povu lipande juu. Nikachukua tone kutoka kwenye bomba, nikaliweka kwenye rifraktomita, kile kidude kama darubini ndogo unachokitazamia kwenye mwanga. Ikasoma maji asilimia 18.4. Kiwango cha kimataifa cha asali ni maji yasizidi asilimia 20. Nikafurahi, nikasaini karatasi, tukajaza chupa siku nzima, tukazipanga kumi na mbili kwa kila katoni.

Wiki ya tano mwenye duka akapiga simu: "Chupa zako zinatoa povu, vifuniko vimetuna." Nikadhani amechanganya na za mtu mwingine. Nikaenda. Nilipofungua moja ilifanya "pssss" kama soda, na harufu ilikuwa ya pombe changa. Hamira za asili zinazovumilia sukari zimo ndani ya asali karibu zote, zimelala tu. Maji yakizidi zinaamka, zinakula sukari, zinatoa pombe na hewa ya ukaa. Zilirudi chupa 187. Kwa bei yetu ya jumla ya shilingi 7,000, hiyo ni 1,309,000 ya kurudishia watu.

Kilichonisumbua ni ile 18.4. Kipimo hakikuwa kimekosea. Bahati nzuri binamu yangu alikuwa ameandika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila katoni, kwa sababu zake za hesabu za stoo, mimi sikuwa na habari. Tukaona zilizorudi karibu zote ni kuanzia katoni ya arobaini na kitu kwenda mbele. Katoni za mwanzo hazikuwa na shida yoyote. Hapo ndipo nilipokumbuka vichupa vya sampuli nilivyovitoa kwenye kila ndoo kwa mazoea ya maabara na kuviweka kabatini bila kuvipima (naona aibu hadi leo). Nikavipima vyote. Ndoo 14 zilikuwa na wastani wa 18.6, na ndoo 6 zilikuwa na wastani wa 22.4.

Piga hesabu mwenyewe: 6 mara 22.4 ni 134.4, 14 mara 18.6 ni 260.4, jumla 394.8, gawa kwa 20 unapata 19.74. Yaani kama ingechanganyika vizuri, mzigo mzima ungekuwa ndani ya kiwango, japo ukingoni. Lakini asali yenye maji mengi ni nyepesi, inaelea juu ya ile nzito. Sisi tulimimina na kuiacha itulie siku mbili bila kuikoroga. Bomba liko chini. Nilipima asali nzuri iliyotulia chini, nikaanza kujaza na hiyo hiyo, na ile ya juu ikaja kuingia kwenye chupa za mwisho. Mtu yeyote aliyesoma chakula amefundishwa namna ya kuchukua sampuli. Mimi nililijibu swali hilo kwenye mtihani na nikalipata.

Binamu alishauri tuzichemshe zilizorudi ili maji yatoke. Nikakataa. Kwenye sufuria lenye kina maji hayatoki kwa wingi unaoudhani, na moto unaongeza kemikali iitwayo HMF ambayo maabara wanaitumia kujua asali iliyounguzwa. Kwa asali ya nchi za joto kikomo ni miligramu 80 kwa kilo. Tena pombe ikishaingia, ladha hairudi.

Baada ya hapo nikawa mkali kupita kiasi. Nikaanza kupima kila ndoo palepale kijijini kabla ya kulipa, kitu ambacho naona ni sahihi hadi leo. Ila kosa la pili likaingia. Mwezi wa kumi mwaka uliofuata, saa nane mchana, chini ya paa la bati, nilikataa ndoo nne za mzee mmoja kwa sababu zilisoma 20.7. Mzee akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi narina asali tangu baba yako hajaoa. Hii nimekata iliyofunikwa tupu. Hicho kioo chako kina njaa." Vijana wakacheka. Nikaondoka na moja niliyoikubali.

Ile moja nilipoipima tena asubuhi pale kwetu, kukiwa na ubaridi, ilisoma karibu asilimia moja pungufu. Kumbe rifraktomita yetu ilikuwa ya bei rahisi, isiyojirekebisha kwa joto, na vipimo vyake vimewekwa kwa nyuzi 20. Asali ikiwa na joto, mwanga unapinda pungufu ya kawaida, na hiyo inakifanya kifaa kuona maji mengi kuliko yaliyopo. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unapunguza takriban 0.09. Siku ile kulikuwa na nyuzi 32, tofauti ni 12, kwa hiyo unatoa 1.1 hivi. 20.7 ya mzee ilikuwa 19.6. Nilirudi kuomba radhi. Alikuwa ameshauza kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo swali lako la kazi ya msomi, upande wako wewe wa sayansi ndio huo. Hata ukiajiriwa na msindikaji mwingine kama mkaguzi wa ubora, kazi itakuwa kusimama mlangoni na kusema ndoo hii inaingia, hii haiingii, na kuweza kueleza kwa nini. Mashine ya kujazia chupa mtu yeyote anafundishwa kwa siku moja.

Sasa upande wa kaka yako. Mwaka wa kwanza wote tulikuwa tunajaza chupa za mililita 500, kwa sababu ndizo zilizokuwepo kwa muuzaji wa vifungashio, na tunauza kwa kushindana na wenzetu walioandika gramu 500. Maji lita moja ni kilo moja, asali lita moja ni kama kilo 1.4. Chupa ya mililita 500 ina gramu 700. Tulikuwa tunampa mteja gramu 200 za bure kila chupa, na hata asante hatukupata, kwa sababu hakuna aliyejua.

Ndoo moja ya lita ishirini ni kilo 28. Ukichuja na kutoa nta, povu na zinazobaki ukutani, kwetu inabaki 26. Kwa chupa za mililita 500 unapata 37. Tulinunua ndoo kwa 170,000, chupa na kifuniko na lebo 900. Mauzo 37 mara 7,000 ni 259,000. Toa chupa 33,300, toa ndoo, inabaki 55,700, na hapo bado usafiri, umeme na vijana wa kusaidia. Kwa chupa ya gramu 500 kamili, ile yenye ujazo wa mililita 350 na ushee, ndoo ileile inatoa 52. Hata tulipoishusha bei hadi 6,500 ili maduka yaikubali, ni 338,000, toa chupa 46,800 na ndoo 170,000, inabaki 121,200. Asali ileile, vijana walewale, tofauti ni chupa. Binamu aliligundua hili kwa kuweka chupa kwenye mizani ya duka la nyama.

Karatasi za TBS, shirika la viwango, sitazirefusha. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale mjini, wana utaratibu wa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo. Ila lebo iandike uzito kwa gramu, tarehe na namba ya mzigo. Hiyo namba ya mzigo usiione kama urembo, kalamu ya binamu ndiyo iliyotuokoa tusirudishe katoni zote sitini na mbili.

Jambo moja la Juni na Julai: baridi ikishuka asali huganda, na wateja watasema umeweka sukari. Andika kwenye lebo kwamba kuganda ni kawaida na waiweke kwenye maji ya uvuguvugu. Lakini wewe mwenyewe ujue kwamba sukari ikiganda inaacha maji kwenye sehemu iliyobaki laini, kwa hiyo asali ya 19.7 iliyokuwa salama Mei inaweza kuchachia juu ya mgando Julai. Ndiyo maana siku hizi kwa chupa zinazokaa dukani muda mrefu sisi kikomo chetu ni 19, japo kiwango kinaruhusu 20.

Na ndoo zinazozidi hapo hatuzirudishi tena kwa mrinaji, tunakubaliana bei ya chini mapema. Kuna mama anayepika wanzuki, ile pombe ya asali, huyo maji hayamsumbui, atayaongeza mwenyewe. Analipa pungufu kuliko duka, lakini analipa palepale, na ndoo anairudisha imeoshwa.