Barua kwa mwanangu: pale haiku inapokatika

"Mama, haiku zangu zote zina mizani tano, saba, tano, nimezihesabu hadi vidole vimechoka. Lakini nikizisoma kwa sauti naona ni sentensi moja tu niliyoivunja vipande vitatu. Hilo neno la kukata ambalo Wajapani wanalo linafanya kazi gani hasa, na sisi kwa Kiswahili tunalipata wapi?"

Mwanangu,

Sikio lako halijakudanganya. Wajapani wenyewe kwa kawaida huiandika haiku katika mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini. Ile mistari mitatu tunayoiona vitabuni imezoeleka zaidi katika tafsiri za lugha nyingine. Kwa hiyo kushuka mstari hakukati chochote. Kinachokata ni neno fupi, kama "ya", linalokaa baada ya nomino na halina maana ya kukaa kwenye kamusi. Kazi yake ni kukisimamisha kile kilichotajwa, msomaji akitazame, kabla hakijaja kingine ambacho sarufi haikiungi nacho. Yako mengine yanayokaa mwishoni, kama "kana" na "keri", lakini leo tubaki na "ya".

Haja ya kukata ilitoka kwenye mchezo wa kutunga kwa zamu. Watu walikaa pamoja, mmoja akatoa ubeti wa kufungua, mwingine akaujibu, na kuendelea hivyo. Beti za katikati ziliegemea jirani zao, ila ule wa kwanza ulitakiwa usimame peke yake, na kukata ndani yake kulikuwa njia ya kuufanya usimame. Baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 19, mshairi Masaoka Shiki ndiye aliyelipa jina la haiku lile shairi la kujitegemea lililotokana na ubeti huo.

Nikuoneshe kisu chenyewe kikifanya kazi. Mwaka 1689 mshairi Matsuo Basho alikuwa safarini kaskazini mwa Japani na mwenzake Sora. Wakafika kwenye hekalu lililojengwa juu ya majabali, mahali panapoitwa Yamadera, msimu wa joto, nyenje wakilia mitini. Sora aliandika katika daftari lake ubeti wa Basho kama ulivyokuwa mwanzoni:

yamadera ya / ishi ni shimitsuku / semi no koe

Yaani: hekalu la mlimani, halafu kisu, halafu sauti ya nyenje inanata kwenye jiwe. Si mbaya. Lakini angalia kisu kimekata nini. Upande mmoja ni mahali, upande wa pili ni jambo linalotokea mahali hapo. Msomaji anapita bila kuruka, kwa sababu hata habari ya gazeti huanza hivyo: mahali, kisha tukio.

Katika rasimu nyingine hekalu limeondoka na badala yake pamekaa "sabishisa", upweke. Jiwe limekuwa mwamba, na kitenzi kimebadilika, sauti hainati tena juu, inalowea ndani. Ubeti ule Basho aliouweka hatimaye katika kitabu chake cha safari ni huu:

shizukasa ya / iwa ni shimiiru / semi no koe

Kimya hiki. Sauti ya nyenje inapenya ndani ya mwamba.

Sasa pande mbili zinagombana. Nyenje wa mchana wa joto hawanong'oni, wanapiga kelele mpaka mtu hasikii mwenzake. Kimya kimetoka wapi? Basho hasemi. Angeweka kiungo chochote, "kimya kiasi kwamba sauti inapenya" au "kimya licha ya nyenje", angekuwa ametujibu, na tusingebaki na cha kufanya. Neno "ya" linaviacha vyote viwili viwe kweli kwa wakati mmoja, na msomaji ndiye anayepanda kule juu kusikiliza inawezekanaje.

Ona pia kwamba kusahihisha kwake hakukuwa kupunguza maneno. Mizani ni zile zile kumi na saba tangu rasimu ya kwanza. Kilichobanwa ni maelezo: hekalu limetolewa kwa sababu nathari iliyotangulia ubeti ilikwisha kulitaja, pamoja na miamba iliyopandana, misonobari mikongwe na milango iliyofungwa.

Tuje kwetu. Ulinitumia hii:

Jioni hii
bibi akipepeta
kuku wakaja

Mizani zimetimia. Kinachoua kukata ni gundi iliyo ndani ya vitenzi vyako. Kiswahili kina viambishi hodari sana vya kushikisha tukio na tukio: -ki-, -po-, -ka-. Ukisema "akipepeta" umeshamwambia msikilizaji kwamba kuna jambo linafuata, na ukisema "wakaja" umemwambia ndilo hili. Katika hadithi viambishi hivyo ni neema. Katika haiku vinamaliza kazi ambayo ungemwachia msomaji. Tena mashairi uliyokulia hayakukuandaa kwa hili. Mshororo wa tarbia tunaugawa ukwapi na utao, tunapumua katikati, lakini sentensi inaendelea na vina vinatushika mkono hadi ng'ambo. Ile ni pumzi tu.

Mimi nilikaa na ubeti wako nikajiuliza uliona nini hasa pale uani, kabla hujakisimulia. Kuja kwa kuku siyo picha, ni taarifa. Nikamkumbuka bibi yako akirusha mchele, na kuku wamesimama wakiufuata kwa shingo, juu, chini. Nikajaribu hivi:

Ungo wa bibi—
shingo za kuku zote
zimeinuka

Kupepeta kumetoweka, na hakuna anayeona pengo, kwa sababu kumo ndani ya ungo. Jioni nayo imeondoka. Ilikuwa imewekwa kutimiza tano, na ubeti haukuonesha mwanga wala kivuli kinachoihitaji. Neno "zote" unaweza kulishuku kwa kosa hilo hilo, mimi ninalitetea: bila hilo sioni shingo zikienda kwa pamoja.

Na hapo ndipo kilipo kisu ulichouliza. Ni upatanisho wa ngeli. Msikilizaji akisikia "ungo" anasubiri kitenzi chenye u-: umejaa, umeanguka. Badala yake inamjia nomino nyingine na zi- yake, na ile u- haiji kamwe. Sikio linagundua lenyewe kwamba ungo umeachwa umesimama peke yake. Kistari nilichoweka ni msaada wa macho tu. Funga daftari, soma kwa sauti, kukata kutasikika bado. Ndiyo maana sipendi wanaoanza na "Lo!" au "Tazama!" wakidhani wametafsiri "ya". Maneno hayo yanamwamuru msomaji ashangae. "Ya" haimwamuru mtu kitu.

Lakini kisu hiki kinakuwa butu nomino mbili zikiwa za ngeli moja. Ukiandika "Nyumba ya babu— mvua ya usiku imeingia", i- inaweza kudakwa na yeyote kati ya nyumba na mvua, na msomaji anasoma mara ya pili kutafuta nani kaingia, akidhani ni fumbo. Badilisha nomino moja: "Kitanda cha babu— mvua ya usiku imeingia". Sasa kitanda kinasubiri ki- isiyokuja, na mvua imefika mahali pabaya zaidi.

Namna ya kujua kama umekata sawasawa: ingiza "kwa sababu", "ndipo" au "kama" pale penye mwanya. Neno likiingia na ubeti usipoteze kitu, hukuwa na haiku, ulikuwa na sentensi. Huo ni mwanya mwembamba mno. Mwanya mpana mno una kipimo kingine, na wanafunzi wa Basho walikijua. Mwaka 1690 alitunga ubeti kwamba amesikitika pamoja na watu wa jimbo la Omi kuondoka kwa majira ya machipuko. Mwanafunzi wake Shohaku akaukosoa: Omi ingeweza kuwa jimbo jingine, Tanba, na machipuko yanayoondoka yangeweza kuwa mwaka unaoisha, ubeti usipungukiwe na chochote. Basho akamuuliza mwanafunzi mwingine, Kyorai, ambaye alijibu kwamba sivyo, Omi ina ziwa, na ukungu juu ya maji yale ndio unaomfanya mtu ayasikitikie machipuko. Basho alikubaliana naye.

Mimi nakubaliana na Kyorai kuhusu ubeti ule, lakini swali la Shohaku ndilo ninalolitumia kila siku. Chukua upande wa kwanza wa haiku yako, weka kitu kingine mahali pake. Badala ya ungo weka "Redio ya bibi". Shingo za kuku zinaning'inia hewani bila sababu. Basi ungo umeshika. Ukibadilisha na hakuna kinachotikisika, picha zako mbili hazijawahi kukutana.

Uliniuliza kwa simu pia juu ya zile nathari fupi za mistari miwili mitatu. Huko hakuna mizani wala mshororo, kwa hiyo nukta ndiyo inayokata. Mfaransa Jules Renard aliandika vipande kuhusu wanyama, na kile cha nyoka, ukiacha kichwa, kina maneno haya tu: mrefu mno. Kichwa kinamleta nyoka, nathari inamlalamikia, na mwili wote unapita katika mwanya ulio kati yao. Wewe unapoandika za aina hii una tabia ya kufungua sentensi ya pili na "Hapo" au "Basi". Yafute yote mawili kisha usome tena.

Basho naye alikata kati ya nathari na ubeti, na ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi katika safari ile. Kabla ya ubeti wa Yamadera anaandika kwamba alizunguka ukingoni, akatambaa juu ya miamba, na kwamba hapakusikika sauti yoyote. Kisha ndipo unakuja ubeti, na ndani yake wamo nyenje.

Nitumie ile ya kivuko, lakini iandike upya kwanza bila -po- hata moja. Usijali mizani zikipungua.

Mama yako