Azimio la kazi: upimaji ardhi kabla ya masika

«Kidato cha tatu, muhula wa kwanza: nianze na upimaji ardhi au usomaji wa ramani?»

Mwalimu mwenzangu, anza na ramani. Aliyekushauri ufuate mpangilio wa muhtasari wa somo amesema kweli kwa mada zinazojitegemea, lakini mwanafunzi asiyejua kipimio wala uelekeo wa dira hawezi kuchora alichokipima uwanjani.

Mimi hutenga wiki mbili za kipimio na uelekeo, kisha wiki ya tatu natoa jaribio fupi: kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 6 ni kilometa ngapi? Wengi wakiandika 30 badala ya 3, tatizo ni kubadili vizio, nami huitumia wiki ya nne, niliyoiacha wazi makusudi, kurudia.

Wiki ya tano na ya sita tunapima uwanja kwa mnyororo, kwa kuwa huku Pwani masika huanza katikati ya Machi. Alama nazitoa wiki ya saba, kila kundi linapolinganisha mstari wa kuhakiki waliouchora kwenye ramani yao na urefu wake waliopima uwanjani. Ukipishana sana, kipimo fulani kimekosewa.

Kwa darasa la wanafunzi themanini wenye mnyororo mmoja, bado sijapata mgawanyo unaoniridhisha.