Nianze kidogo au niweke mtaji wote?

"Hesabu zangu zinaonyesha mradi mzima unakula hasara, lakini moyo unaniambia nianze na sehemu ndogo. Najidanganya?"

Hapana ndugu, ila piga hesabu ya ile haki ya kuacha. Tuseme mradi mzima unataka 100, soko likikubali utathaminiwa 150, likigoma 30, nafasi nusu kwa nusu. Wastani ni 90, kwa hiyo ukiweka yote leo unapoteza 10. Sasa fanya jaribio la 15 kwanza, juu ya ile 100. Soko likikubali unaweka 100 unapata faida ya 50, likigoma unaacha, huweki kitu tena, kwa hiyo wastani wa faida ni 25, toa 15 unabaki na 10. Maana yake jaribio likizidi 25 halikulipi tena (hapo sijagusa riba ya kusubiri, nayo inapunguza).

Lakini hii inasimama tu kama jaribio linakuonyesha soko kweli, siyo wateja jamaa zako, na kama kweli utaacha. Andika sasa hivi kiwango cha mauzo ambacho chini yake unafunga, maana ukishaweka hela utaanza kujitetea "tuongeze kidogo tu". Na mkataba wa pango ukikufunga miaka mingi hiyo haki huna, mpe mwanasheria ausome kabla hujasaini.