Nungunungu, kakakuona au muhanga? Kusoma picha ya usiku

Swali: Nimefunga kamera ya usiku kwenye shamba langu la mihogo Kisarawe. Imepiga picha tatu mfululizo za mnyama mwenye mgongo wa mviringo, mweupe sana kwa nyuma, kama ana magamba. Ya pili inaonyesha kichwa kifupi, butu. Jirani anasema ni kakakuona, kijana wangu anasema muhanga. Nitajuaje? (Msomaji, Kimara)

Jibu: Ndugu yangu, kwa maelezo yako huyo ni nungunungu. Nitakueleza kwa nini, maana hayo "magamba" yamewadanganya wengi.

Usiku kamera hizi hutumia mwanga wa infraredi, na picha hutoka bila rangi. Mwiba wa nungunungu una pete nyeusi na nyeupe zinazopokezana. Pete nyeupe hurudisha mwanga kwa nguvu, nyeusi huumeza. Mnyama akiwa ametulia, miiba hulala mmoja juu ya mwingine, pete hujipanga kwa safu, na ukichanganya na ukungu wa picha unaona kitu kama vigae. Akiwa karibu mno na kamera, mwanga huunguza picha na miiba yote huwa doa jeupe.

Kwa hiyo usianzie katikati ya mgongo. Hamishia picha kwenye kompyuta, ikuze, kisha fuata ukingo wa mwili pale unapokutana na giza. Ncha za miiba huchomoza nje ya ukingo, hazilingani urefu, hasa juu ya makalio. Magamba ya kakakuona hayachomozi hivyo: ukingo wake ni mgumu, wenye vijipembe vifupi vinavyofuatana, na vinaonekana vizuri zaidi pembeni mwa mkia. Tena magamba huanza kwenye paji la uso na kuendelea mpaka ncha ya mkia. Miiba mirefu ya nungunungu iko nusu ya nyuma tu. Mabega yana manyoya magumu meusi. Weupe wa nyuma uliouona unatokana na mgawanyiko huo. Nyegere naye ana weupe na weusi, lakini wake umegawanyika juu na chini: mgongo mweupe, tumbo jeusi.

Picha yako ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kichwa cha kakakuona ni kidogo, kimechongoka, na masikio hayaonekani. Muhanga ana pua ndefu kama bomba na masikio marefu yaliyosimama kama ya punda. Akigeuka upande, hata picha mbovu huyaonyesha. Kichwa kifupi na butu hakiwafai wote wawili. Tafuta pia sharubu ndefu puani na masikio madogo ya mviringo. Ukiyaona, suala limekwisha. Na mihogo yenyewe ni ushahidi, kwani nungunungu hufukua mizizi, ilhali wale wawili hula mchwa na sisimizi.

Pasipo kichwa, angalia mkia. Wa nungunungu ni mfupi na umefichwa na miiba, hivyo mwili unakatika ghafla nyuma. Muhanga ana mkia mnene kwenye shina, unaopungua kuelekea ncha, na mgongo wake umepinda juu. Kakakuona wa ardhini, anayepatikana Tanzania, hutembea kwa miguu ya nyuma, ameinamisha kichwa, mikono imenyanyuliwa, na mkia mpana uko hewani kumpa mizani. Umbo hilo ukilikamata mara moja hutalisahau. Lakini akijikunja kuwa mpira, au ikiwa picha imechukua kipande cha mgongo tu, andika "hajulikani" na usubiri picha nyingine.

Ukubwa nao husaidia, ila usiukadirie kwa macho, kwa sababu mnyama aliye mita moja kutoka kwenye kamera huonekana mkubwa maradufu ya aliye mita mbili. Bila kuigusa kamera, simamisha fimbo yenye alama kila sentimita 10 pale alipokanyaga, upige picha, kisha linganisha. Muhanga hufikia kama sentimita 60 begani na uzito wa kilo 40 au zaidi. Nungunungu ni mfupi zaidi, lakini akisimamisha miiba anaonekana mrefu ghafla, kwa hiyo pima bega, usipime miiba.

Siku ukimpata kakakuona kweli, tafadhali usirushe picha kwenye makundi ya simu. Anawindwa kwa magamba yake, na faili la picha linaweza kubeba mahali ilipopigwa. Wasiliana na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Kwa sasa sogeza kamera mita tatu au nne kutoka kwenye njia yake, uifunge chini, kama sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, na uzibe sehemu ya taa kwa karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga usiunguze. Kama inarekodi video, washa na sauti: miiba ya mkia wa nungunungu ina uwazi ndani, na akiitikisa hutoa mchakacho ambao wenzake hawa wawili hawana.