Maoni ya mwenzako si maksi za mwalimu

"Mwalimu ametuambia tubadilishane rasimu za insha, kila mtu aandike maoni kwenye kazi ya mwenzake. Hii ina tofauti gani na yeye kusahihisha? Na nitasemaje ukweli bila kugombana na rafiki yangu?"

Mwalimu anasahihisha akiwa na mwongozo mkononi, na mwisho lazima atoe maksi. Mengi anayoandika pembeni yanaeleza kwa nini umepata 12 na si 15, na mara nyingi kazi imeshafungwa. Wewe huna maksi za kutoa, lakini una jambo ambalo yeye hulipata kwa shida. Akishasoma rundo la insha za mada ileile, anajaza mapengo kichwani bila kutaka. Wewe ukipotea, umepotea kweli, na mwandishi bado ana nafasi ya kurekebisha.

Kwa hiyo usihukumu, msimulie ulivyosoma. Katika kikundi chetu cha kusomeana, mmoja aliandika insha ya kutetea simu darasani. Aya ya tatu ilianza kwa kudai kwamba simu humsaidia mwanafunzi kufanya utafiti, kisha mfano wake ukawa mwanafunzi aliyeugua akampigia mzazi. Msomaji wa kwanza aliandika "aya ya tatu haieleweki". Mwandishi akakasirika, maana kwake ilieleweka vizuri tu. Mimi niliandika hivi: "Mwanzo wa aya nilitarajia utafiti. Nilipofika kwa mgonjwa nikarudi juu kuangalia kama nimeruka mstari. Hoja yako ni utafiti au dharura?" Hapo hakuna cha kubishania, kwa sababu sikusema aya ni mbaya, nilisema nilikwama wapi na nilikuwa nasubiri nini. Akaamua mwenyewe: hoja ikawa ya dharura, utafiti akautoa.

Huo ndio ukweli wenyewe, na mkali kuliko "haieleweki", ila unamwachia mwandishi kazi yake. Ukimwandikia sentensi mpya badala yake, insha inaanza kuwa yako.

Kupima maoni yako ni rahisi: je, ungeweza kuyabandika kwenye insha nyingine yoyote? "Kazi nzuri, ongeza mifano" inabandikika popote, basi bado hujasema kitu. Hata sifa ziwe hivyohivyo, taja sentensi iliyokushika na ilikushika kwa nini. (Mkiambiwa mpeane na maksi, ombeni ziondolewe. Marafiki huishia kulipana nane kwa nane.)

Wasomaji wawili wakikupa dawa tofauti kwa aya moja, usihangaike kuchagua dawa. Wote wamekwama palepale, kwa hiyo pana tatizo, ingawa huenda hakuna kati yao aliyelitaja sawasawa.

Tahajia na alama za uandishi ziache mpaka rasimu ya mwisho. Ukikazana kusahihisha mikato kwenye aya ya tatu leo, kesho huenda aya nzima imefutwa.