Vocha ya mbolea kwenye daftari

"Nimepata mifuko 10 ya mbolea kwa vocha ya ruzuku ya serikali, 2,500 kila mmoja. Dukani ni 6,000. Niandike ipi?"

Habari ndugu. Andika 2,500, pesa iliyotoka mfukoni. Ujumbe wa vocha ukiingia kwenye simu usiandike kitu, kwa sababu hiyo ni ruhusa ya kununua tu. Andika siku unapochukua mbolea na kupewa risiti: mbolea 25,000. Boda au pikapu ya kutoka ghalani nayo iingie humo; ukilipa 1,000, kila mfuko umekugharimu 2,600.

Kuna mkulima wa huku Njoro aliyeandika gharama 60,000 kwa bei ya duka. Ile 35,000 iliyobebwa na serikali hakuiandika popote, basi daftari likasema mahindi yamemtia hasara, na ghala limejaa! Ukitaka bei ya duka, sawa, lakini 35,000 iingie kama mapato ya ruzuku. Faida haibadiliki. Mimi napendelea 2,500, haina mzunguko.

Kabla ya kufunga hesabu ya msimu, angalia mifuko iliyobaki stoo. Kama ni 3, hiyo ni mali ya 7,800, itoe kwenye gharama ya msimu huu.